Zip ya kusevu video yenye paswedi 1234

Swali: Fundi habari, nilisachi programu ya bure ya kusevu video nikabonyeza ya juu kabisa, ikashuka zip yenye paswedi 1234, antivairasi haikusema kitu. Nimeifungua video sijaiona, na sasa brauza inanipeleka kwenye matangazo tu. Ningejuaje mapema?

Jibu: Dada yangu, kwanza zima waifai ya hiyo laptop sasa hivi. Chukua simu, badilisha paswedi ya imeili yako, halafu toa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, maana programu za namna hii nyingi huiba paswedi zilizoseviwa kwenye brauza pamoja na kuki, na mwenye kuki zako anaweza kuingia bila kuulizwa paswedi wala kodi inayotumwa kwenye simu. Laptop yenyewe, hamisha picha na dokumenti tu, kisha piga Windows upya. Kufuta ile programu peke yake mimi siuamini hata kidogo.

Sasa mapema ungejuaje, hiyo paswedi ndo ilikuwa inakwambia kila kitu. Zip ikifungwa kwa paswedi antivairasi haiwezi kusoma kilichomo, ndo maana ilikaa kimya, na wao wanakuandikia 1234 pale pale pembeni ili wewe ufungue kwa mkono wako. Kitu cha bure cha watu wote kinafungwa cha nini?

Ya pili ni mkia wa jina la faili. Juzi mteja kaniletea mashine, kwenye Downloads kuna kitu kinaitwa harusi.mp4 na kapicha ka filamu kabisa, nikaenda View, Show, nikawasha File name extensions, jina likawa harusi.mp4.exe. Video inaishia na .mp4 au .webm, ukiona .exe, .msi au .apk hiyo ni programu hata ipambwe vipi. Na ile ya juu uliyobonyeza, angalia kama ina neno Sponsored, hapo mtu kalipia akae juu, haina maana ni yenyewe.

Mfano yt-dlp, programu ya kusevu video, ni ya bure kweli na inatoka github.com/yt-dlp/yt-dlp, ila mtu yeyote anaweza kutengeneza saiti yenye jina linalofanana. Ukishaidaunlodi fungua cmd uandike hivi:

```
cd %USERPROFILE%\Downloads
certutil -hashfile yt-dlp.exe SHA256
```

Itatoa mstari wa herufi na namba 64, ulinganishe na ulioandikwa mbele ya yt-dlp.exe kwenye faili la SHA2-256SUMS la toleo hilohilo pale GitHub. Ikitofautiana hata herufi moja futa, usiifungue. Lakini hiyo orodha uichukue GitHub kwenyewe, kwa sababu saiti feki nayo inaweza kukuwekea mstari wake unaolingana vizuri tu na faili lake bovu.