Bei ya fowadi si utabiri: hesabu niliyoifanya Januari 2024

Swali: Naagiza bidhaa kwa dola na nina siku 90 za kulipa. Benki imenipa bei ya fowadi iliyo juu kwa shilingi tano na zaidi kuliko bei ya leo. Je, wanajua kwamba shilingi itaanguka, au wananilangua? Nitaijuaje bei ya haki?

Jibu:

Ndugu, swali hilo niliwahi kuiuliza benki yangu Nairobi, tena kwa hasira, mwishoni mwa Januari 2024. Nilikuwa nimeagiza vipuri vya malori kutoka Uturuki, ankara ilikuwa ya dola 80,000, na malipo yalitakiwa baada ya siku 90. Siku hiyo benki ilikuwa ikiniuzia dola kwa shilingi 161, lakini bei ya mkataba wa fowadi wa siku 90 ilikuwa 166.50.

Ofisa wa kitengo cha fedha za kigeni alinieleza kwamba benki haikuwa imetabiri chochote. Benki inapokubali kuniuzia dola baada ya siku 90 kwa bei iliyofungwa leo, haikai ikingoja siku hiyo ifike. Inazinunua dola leo leo kwa shilingi zake na kuziweka mahali zinapopata riba ya dola. Kwa kufanya hivyo inaacha riba ya shilingi, iliyokuwa kubwa, na kupata riba ya dola, iliyokuwa ndogo. Pengo kati ya riba hizo mbili ndilo linalopandisha bei ya fowadi juu ya bei ya leo, na kanuni hiyo ndiyo inayoitwa usawa wa riba wenye kinga. Imeitwa yenye kinga kwa sababu kila bei ndani yake imekwisha kufungwa, wala hakuna anayebahatisha shilingi itakuwa wapi.

Hesabu yake ni fupi: F ni bei ya fowadi, S ni bei ya leo, rKES ni riba ya shilingi na rUSD ni riba ya dola. Wakati ule hati za Hazina za Kenya za siku 91 zilikuwa zikilipa takribani asilimia 16 kwa mwaka. Kwa upande wa dola nilichukua asilimia 5.4, kwa kuwa Benki Kuu ya Marekani ilikuwa imeishikilia riba yake kati ya 5.25 na 5.50. Angalia kwamba riba ya shilingi huhesabiwa kwa mwaka wa siku 365 na ya dola kwa mwaka wa siku 360. Ukilisahau hilo, jibu lako litapotoka kidogo na utamlaumu mtu asiye na kosa.

```
F = S × (1 + rKES × siku/365) / (1 + rUSD × siku/360)
F = 161 × (1 + 0.16 × 90/365) / (1 + 0.054 × 90/360)
F = 161 × 1.03945 / 1.01350 = 165.12
```

Nilipopata 165.12 nilirudi benki kudai shilingi 1.38 yangu kwa kila dola, yaani zaidi ya shilingi 110,000 kwa ankara nzima. Nakiri kwamba hapo nilikosea. Kanuni yenyewe ni sahihi, lakini nilikuwa nimeweka ndani yake riba ambazo mimi sizipati. Serikali ilikuwa ikikopa shilingi kwa asilimia 16. Mimi nilikuwa nikikopeshwa kwa 18. Benki ilikuwa ikiweka dola zake kwa asilimia 5.4, akaunti yangu ya dola ilikuwa ikinipa 3. Kwa hiyo swali la maana lilikuwa hili: ningejitengenezea fowadi yangu mwenyewe, ingenigharimu kiasi gani?

Ili niwe na dola 80,000 baada ya siku 90 kwa riba ya asilimia 3, ningelazimika kununua leo dola 79,404. Kwa bei ya 161 hizo ni shilingi 12,784,000 hivi. Kuzikopa kwa asilimia 18 kwa siku 90 kungenifanya nirudishe takribani shilingi 13,351,500. Ukigawanya kwa 80,000, kila dola imenigharimu 166.89. Bei ya benki niliyoiita ulanguzi ilikuwa nafuu kuliko njia yangu mwenyewe kwa karibu senti 40. Nilitia saini.

Nawe fanya hivyo hivyo kwa riba zako. Ukiwa na shilingi zako taslimu zilizolala, usiweke riba ya mkopo. Weka ile ambayo shilingi hizo zingekuletea kama zingebaki. Unaweza pia kuigeuza kanuni: chukua bei uliyopewa, utafute riba ya shilingi iliyofichwa ndani yake. Katika bei yangu ya 166.50, nikiweka riba yangu ya dola ya asilimia 3, ilikuwa takribani asilimia 17. Ukiona imefika 25 ilhali unakopeshwa kwa 18, hapo una haki ya kubishana, au ya kwenda benki nyingine ukaulize. Lakini hesabu yote hii inasimama tu ikiwa dola zinapatikana kweli kwa bei ya leo iliyoandikwa. Mwaka 2023 waagizaji wengi wa Kenya walizipangia foleni, na bei rasmi haikuwa bei waliyonunulia. Katika hali hiyo weka kwenye S bei utakayouziwa kweli.

Sasa nikueleze kilichofuata, maana hakuna jedwali litakalokuonyesha. Katikati ya Februari 2024 serikali iliuza katika soko la kimataifa hati mpya ya mkopo ya dola bilioni 1.5, ili kulipia sehemu kubwa ya ile ya dola bilioni 2 iliyokuwa ikiiva mwezi Juni. Hofu kwamba Kenya ingeshindwa kulipa ikayeyuka, na shilingi ikapanda kwa kasi. Mkataba wangu ulipoiva mwishoni mwa Aprili, dola ilikuwa kama 133. Mimi nililipa 166.50. Tofauti ilikuwa zaidi ya shilingi milioni 2.6.

Fedha hiyo haikuniuma kama kilichotokea dukani. Wenzangu ambao hawakujikinga walileta vipuri vile vile na kuviuza kwa bei ya dola ya 133, nami nikalazimika kuwafuata. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba fowadi ilikuwa imefunga gharama yangu huku bei yangu ya kuuzia ikiendelea kuifuata dola. Ningekuwa nimeahidi kuuza kwa bei maalumu ya shilingi, kwa mfano zabuni ya kampuni ya malori, kuikinga ankara yote kungekuwa sawa kabisa. Kwa bidhaa za rafu, ambazo bei yake hupanda na kushuka pamoja na dola, sasa hufunga nusu tu, yaani kiasi ambacho nikikipoteza biashara itayumba.

Jambo la mwisho ni tarehe. Meli nyingi zilikuwa zikiikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, hivyo mzigo wangu na hati zake vilichelewa wiki tatu kuliko mkataba. Benki ilinipa njia mbili: nichukue dola na kuzilipia zote, au niiuzie tena benki dola hizo kwa bei ya siku hiyo na kufungua mkataba mpya, ambapo hasara yote ingetoka taslimu palepale. Nilizichukua nikaziweka kwenye akaunti ya dola hadi hati zilipofika. Siku hizi naomba mkataba wenye dirisha, unaoniruhusu kuchukua dola siku yoyote kati ya siku ya 60 na ya 90. Benki hunitoza bei ya siku ya 90 hata nikizichukua mapema, kwa kuwa ndiyo ya juu zaidi, kwa hiyo unapolinganisha weka 90 kwenye kanuni.