Miaka 10 au mwaka 1? Namna ya kuisoma ripoti ya misamaha ya URA

"Wakuu, nataka kuweka kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya alizeti Lira. Kwenye ripoti ya misamaha ya kodi ya URA, mamlaka ya mapato Uganda, naona wengine wana miaka 10, ila wa kusindika mazao wameandikiwa mwaka 1 tu. Mimi naangukia wapi?"

Ndugu, watu wengi hukimbilia ile safu ya muda, wakiona 10 wanaanza kupiga hesabu. Mi nafanya mahesabu ya viwanda vya saizi yako, na huwa naanzia safu ya masharti.

Ile 10 ya kwanza ni ya wanaouza nje asilimia 80 ya mali iliyokamilika, we mafuta yako yataliwa hapahapa Lira na Gulu, achana nayo. Nyingine ni ya walio kwenye industrial park au free zone, au hata nje yake, mgeni aweke dola milioni 10, raia 300,000, au 150,000 akiwa mikoani, na asilimia 70 ya malighafi itoke nchini kama inapatikana. Kama mtaji haufiki huko, mstari wako ni ule wa mwaka 1.

Sasa huo mwaka 1 usiudharau, maana unarenyuu kila mwaka. Unamwandikia Kamishna, anakupa cheti, na mwaka ukiisha unaomba tena, ilimradi ritani umepeleka na madeni ya URA huna. Faida ikiwa shilingi milioni 100, kodi ya kampuni ni asilimia 30, yaani milioni 30 zinabaki kwako, ila ukizembea kurenyuu mwaka unaofuata unazilipa.

Penye mtego ni mashine. Sharti linasema isiwe imewahi kutumika Uganda na mtu yeyote kwa kusindika mazao, na wewe au mshirika wako msiwe mmeshafanya usindikaji wa aina hiyo hapa nchini. Kuna jamaa mmoja alinunua mashine ya kukamua kwa bei ya kutupa kutoka kiwanda kilichofungwa, bei tamu kweli, akaja na risiti zake zote safi na msamaha hakupata. Mtumba wa kutoka nje haugusi hilo sharti, kwa hiyo tunza makaratasi ya forodha.

Halafu angalia kodi gani imetajwa, huo mstari ni wa kodi ya mapato ya kiwanda peke yake. PAYE ya wafanyakazi unakata, NSSF unapeleka, na mauzo yakizidi milioni 150 kwa mwaka mambo ya VAT yanakuhusu kama kawaida.

Kitu kingine, kopi nyingi zinazozunguka zinataja kifungu 21(1)(z), ni namba ya zamani, toka Julai 2024 sheria zilipangwa upya na ya kodi ya mapato sasa ni Cap. 338. Kwenye barua yako kwa Kamishna weka namba mpya, na uiandike kabla hujalipa advansi ya mashine.