Usipokee michoro ya jengo lilivyojengwa kabla hujafungua chemba

Mkandarasi akiniletea michoro ya jengo lilivyojengwa, sianzi na milango wala madirisha. Mlango uliochorwa vibaya mwenye jengo atauona mwenyewe. Naanza na vilivyofukiwa: bomba za majitaka, bomba za maji safi na nyaya za umeme za uani. Huko chini ndiko ubabaishaji unakojificha. Kuna michoro mingi ambayo ni ile ile ya ujenzi, imebadilishwa muhuri tu.

Dalili yake iko kwenye levo, yaani kimo cha kila sehemu kwa mita kutoka alama moja ya kudumu ya kiwanja. Ukikuta levo za chemba zote zinalingana na za usanifu mpaka milimita, shtuka. Hakuna fundi anayechimba mtaro wa mita 18 akatoka na levo za kompyuta. Michoro iliyopimwa kweli ina tofauti ndogondogo, huku sentimita 2, kule 3.

Kwa hiyo kabla ya kushika kalamu nakusanya vitu vitatu: nakala ya msimamizi wa mafundi (ile iliyochakaa, yenye matope na maandishi ya penseli), maagizo yote ya mabadiliko yaliyotolewa wakati wa kazi, na picha zilizopigwa kabla mitaro haijafukiwa. Kila agizo nalitafuta kwenye mchoro mpya. Lisipoonekana, hapo ndipo pa kwenda kupima. Kisha nachapisha karatasi kwa ukubwa wake kamili. Mchoro wa A1 ukichapwa kwenye A3, skeli ya 1:100 inakuwa 1:200, na mtu akiweka rula hapo bila kukumbuka amepotea. Hata hivyo, rula kwenye karatasi si kipimo. Kipimo ni tepu na mashine ya levo pale uani.

Nieleze kisa kimoja, jengo la ghorofa nne hapa Dar es Salaam. Mchoro ulionyesha bomba la majitaka la inchi 4 likitoka chemba namba 3 kwenda namba 4, limenyooka, mita 18. Levo ya ndani ya bomba, pale chini maji yanapopita, iliandikwa 99.680 upande wa juu na 99.230 upande wa chini. Yaani linashuka sentimita 45, mteremko wa 1:40, sawasawa na usanifu.

Tukafungua mifuniko. Mfuniko wa chemba namba 4 mashine ilisoma 100.350, na stafu, ile rula ndefu ya kupimia levo, ikashuka mita 0.990 mpaka kwenye mfereji wa bomba. Toa hiyo, unapata 99.360. Chemba namba 3 ilikuwa sahihi. Kwa hiyo bomba linashuka sentimita 32, si 45. Hapo mtu angeweza kuandika levo mpya na kuondoka, lakini kuna kipimo kingine kisicho na gharama: mmoja anamulika tochi kwenye bomba kutoka chemba moja, mwingine anatazama kwa kioo kwenye chemba ya pili. Bomba lililonyooka na lisiloziba utaona mwanga. Hatukuona kitu. Tukamwaga ndoo ya maji, yakafika vizuri. Basi halijaziba, limepinda.

Nikamuuliza msimamizi wa mafundi, mtu mzima wa makamo, "Mzee, hapa katikati kuna nini?"

"Tulikwepa kitako cha tangi, mhandisi. Kuna chemba chini ya hizi pevingi."

Tukasukuma fimbo za kuzibulia, zikagota kwenye mita 7.2. Pevingi zikainuliwa, chemba ikaonekana, mfuniko wake umefunikwa mchanga. Kutoka hapo mpaka namba 4 ni mita 12.0. Jumla mita 19.2, na sentimita 32 kwa urefu huo ni mteremko wa 1:60. Kwa bomba la inchi 4 linalohudumia vyoo kadhaa, mteremko huo unafanya kazi, ilimradi limelazwa vizuri. Ujenzi haukuwa na tatizo. Tatizo ni kwamba bomba lilikuwa zaidi ya mita 3 nje ya mstari uliochorwa, na siku likiziba, fundi angevunja uwanja mahali pasipo na kitu.

Sasa kalamu. Kwenye miradi yangu tunakubaliana rangi mapema na kuziandika kwenye kona ya kila karatasi: nyekundu ni cha kuongeza au kubadilisha, kijani ni cha kufuta, bluu ni maelezo kwa mchoraji ambayo hayaingii kwenye mchoro. Kilichopimwa kikakutwa sahihi kinapakwa njano, kwa sababu sehemu isiyo na alama haimwambii mtu kama imekaguliwa au imerukwa. Na kwa kuwa lazima atatokea mtu wa kutoa kopi nyeusi, kila alama ina herufi pia: O kwa ongeza, F kwa futa, M kwa maelezo.

Kwenye karatasi ile nilikata mstari wa zamani wa bomba kwa kijani. Nikachora njia mpya kwa nyekundu, nikaweka chemba mpya nikaiita 3A, na nikaifunga yote kwa wingu, ule mstari wa mawimbi unaozunguka badiliko. Levo ya 99.230 niliikata kwa mstari mmoja ili isomeke bado, nikaandika 99.360 pembeni. Usifute wala usipake rangi nyeupe. Mchoraji anahitaji kuona alichokuwa nacho. Chemba 3A niliifunga kwa vipimo viwili, kimoja kutoka kila kona ya ukuta wa jengo. Kipimo kimoja hakitoshi, maana kinaweza kuzunguka popote. Wala usipime kutoka kwenye mti, uzio au ukingo wa pevingi, hivyo vinahama. Pembeni ya wingu nikaandika namba ya alama, namba ya picha, tarehe na herufi za jina langu. Maneno kama "rekebisha hapa" au "takriban" siyaandiki, kwa sababu mchoraji hawezi kuchora takriban.

Bomba lililo chini ya zege la sakafu huwezi kulifukua. Kama kuna picha yenye tepu ndani yake kabla ya kumwaga zege, itumie. Kama hakuna, mchoro uandikwe wazi "haijathibitishwa" kwenye mstari huo. Makandarasi hawalipendi neno hilo, lakini mimi silitoi.

Michoro ikirudi imesahihishwa, iweke kando ya karatasi yako yenye alama nyekundu na upite alama moja moja kwa namba. Hapa ndipo wengi huchoka mapema. Chemba 3A ilikuwa imeingia kwenye ramani ya uani, lakini jedwali la chemba lilikuwa bado na zile za zamani, na mchoro wa mkato bado ulionyesha 99.230. Badiliko moja lina makazi matatu, na herufi ya marekebisho kwenye kona nayo lazima isogee.

Haya yote yafanyike kabla cheti cha makabidhiano hakijasainiwa. Kwenye mikataba mingi, cheti hicho ndicho kinachofungua nusu ya fedha ya mkandarasi iliyozuiwa, na akishaipata, mchoraji wake huwa yuko mradi mwingine. Mwenye jengo apewe faili la kuchorea lenyewe pamoja na PDF, na zile karatasi nyekundu zenye saini nazo ziingie kwenye boksi lake. Mkandarasi akitaka, atoe kopi.