Wiki mbili za kurudia imunolojia: fuateni kidonda

Vijana wa mwaka wa kwanza,

Mtihani umebaki wiki mbili, na wengi wenu mmeanza kurudia slaidi kuanzia ya kwanza. Acheni. Slaidi zimepangwa kwa viungo na aina za seli, wakati maswali yataulizwa kwa mfuatano wa matukio. Mwili unaokutana na antijeni kwa mara ya kwanza huchukua takriban wiki mbili kufikisha kingamwili za kutosha kwenye damu. Huo muda ndio ratiba yenu.

Chukueni kisa kimoja. Kijana anayepaa samaki pale Feri anachomwa kidole na mwiba, bakteria wanaingia. Kwa kweli vidonda vingi vya namna hii huishia palepale ngozini, lakini sisi tuseme bakteria wamegoma kuondoka.

Siku ya 1 hadi ya 3 baki kidoleni. Makrofaji waliomo kwenye ngozi wanatambua maumbo ya bakteria na kutoa saitokini, mishipa inatanuka, na ndani ya saa chache neutrofili wanatoka kwenye damu. Hapo soma pia mfumo wa komplementi. Kwa kila kitu jibu maswali matatu: kiko wapi, kinatambua nini, kinatoa nini. Msitaje seli T bado. Kila mwaka nasahihisha michoro yenye seli T changa zinazopigana kidoleni saa ya kwanza, na mchoro huo unanionyesha kwamba aliyeuchora amekariri majina tu.

Siku ya 4 hadi ya 6 ndizo ngumu, zipeni muda. Seli dendritiki imemeza bakteria na kusafiri kwa njia ya limfu hadi kwapani, ndiyo maana kijana anaweza kupata mtoki. Huko inaonyesha vipande vya protini juu ya MHC II kwa seli T zenye CD4. MHC I huonyesha hasa protini zilizotengenezwa ndani ya seli yenyewe, kwa hiyo ili uielewe badili kisa: kijana ana kirusi cha mafua, na seli ya njia ya hewa iliyoambukizwa inajitangaza kwa seli T za CD8, nazo zinaiua. Anayechanganya akumbuke nane: 4 mara 2, na 8 mara 1. Ila hesabu hiyo haikwambii kwa nini, na mtihani utauliza kwa nini. Seli T inayolingana na antijeni hii ni adimu, lazima kwanza igawanyike mara nyingi. Ucheleweshaji wa siku kadhaa unatoka hapo.

Siku ya 7 usisome kipya. Karatasi tupu, kalamu, chora kuanzia mwiba hadi kwapani bila kufungua daftari. Mshale ulioshindwa kuuchora uzungushie wino mwekundu.

Siku ya 8 na ya 9 ni seli B. IgM inatangulia, kubwa, yenye vipande vitano, hodari kuamsha komplementi. Kisha, kwa msaada wa seli T za CD4, seli B nyingine zinahamia IgG, ndogo zaidi, inayoingia kwenye tishu na kuvuka kondo la nyuma. Tarehe zenyewe hutofautiana kwa kila kimelea, shikeni mfuatano.

Siku ya 10 na ya 11, aina nne za mzio uliopitiliza. Anzeni na zile mbili za pembeni, kwa saa ya ukutani. Anayevimba midomo dakika chache baada ya kula kamba ana aina ya kwanza: IgE na seli za masti. Kipimo cha ngozi cha TB husomwa saa 48 hadi 72 baadaye kwa sababu aina ya nne inangoja seli T zifike. Ya pili na ya tatu zote zina IgG. Tofauti ni kama antijeni imeganda juu ya seli au inaelea na kuunda vifurushi vinavyonasa, kwa mfano, kwenye figo.

Siku ya 12 mchome yule kijana tena kwa bakteria walewale. Sasa kuna seli za kumbukumbu, IgG inapanda mapema na inashika kwa nguvu zaidi. Chanjo zote ziwekeni hapa.

Siku ya 13 fanya mtihani wa zamani kwa muda kamili. Ya 14 ni ya wino mwekundu peke yake.

Kila siku saa moja na nusu inatosha, dakika ishirini za mwanzo ukiandika ya jana kwa kichwa. Wa hosteli wafanye alfajiri kabla ya kelele. Anayetoka Mbagala kwa daladala asidanganyike kwamba atasoma akiwa amesimama, ila maswali matatu anaweza kujiuliza.

Ijumaa saa nane mchana nipo ofisini. Njooni na karatasi ya siku ya 7 yenye wino mwekundu, daftari liacheni nyumbani.

Mwalimu wenu