Sauti ya Kijerumani iko Studio, lakini wageni hawaioni

Swali: Mimi huongoza watalii Mji wa Kale, Mombasa. Video yangu ya Kiingereza kuhusu Ngome ya Yesu inaonyesha Kijerumani kwenye YouTube Studio, na hata kichwa chake kimegeuka Kijerumani. Mgeni wangu wa Hamburg anasema anasikia Kiingereza tu. Je, sauti ya Kijerumani ambayo YouTube huitengeneza kiotomatiki iko tayari au la?

Jibu: Kichwa kilichogeuka kisikupe hakika yoyote, kwa sababu tafsiri ya kichwa, maandishi ya chini na sauti ni vitu vitatu vinavyokaa katika mstari mmoja wa lugha, na kila kimoja kina hali yake. Fungua video hiyo katika sehemu ya Languages, kisha ufuate mstari wa Kijerumani mpaka kwenye safu ya sauti. Ukiona imechapishwa, YouTube imemaliza kazi yake. Ukiona inasubiri kukaguliwa, basi sauti imeshatengenezwa lakini imefungiwa ndani, na hakuna mtazamaji atakayeisikia mpaka uichapishe mwenyewe. Nadhani hapo ndipo ulipokwama, kwani katika mipangilio ya kutia sauti kiotomatiki kuna chaguo la kukagua kila sauti kabla haijatoka, na wengi hulichagua siku ya kwanza kisha wakalisahau. Kabla ya kuichapisha, isikilize hasa pale unapotaja majina ya mitaa, kwa maana Ndia Kuu ikisomwa na mashine ya Kijerumani huenda wewe mwenyewe usiitambue.

Safu ya sauti ikiwa tupu kabisa, sababu ni nyingine: huenda lugha ya asili ya video haikuwekwa sawasawa, au video ina muziki mwingi na maneno machache.

Ukishaichapisha, usijipime kwa akaunti yako, maana YouTube huchagua sauti kwa kufuata lugha ambazo mtu amezoea kutazama, na wewe umezoea Kiingereza. Fungua dirisha fiche la kivinjari, cheza video, bonyeza alama ya gurudumu la meno, kisha utafute Audio track. Kijerumani kikiwa kwenye orodha hiyo, mtazamaji anaweza kukichagua. Kisipokuwapo, rudi Studio. Usichanganye Audio track na kipengele cha Subtitles kilicho karibu nayo, ambacho ni cha maandishi tu.

Mwombe mgeni wako afanye hivyo hivyo kwenye simu yake, kwenye programu iliyosasishwa. Akiona Kijerumani kwenye orodha huku video ikianza kwa Kiingereza, hakuna kilichoharibika: akichague tu. Baada ya siku kadhaa, fungua takwimu za video katika hali ya kina na uzigawe kwa Audio track. Dakika zilizotazamwa kwa Kijerumani zikionekana hapo, sauti hiyo imewafikia watu.