Mayai ya Pasaka ndani ya gemu

"Kwa nini vitu vilivyofichwa kwenye gemu huitwa mayai ya Pasaka, na la kwanza ni lipi?"

— Jina lilitoka Atari, kampuni ya gemu. Kampuni haikuwataja watengenezaji, basi mtengenezaji Warren Robinett akaficha jina lake ndani ya gemu yake Adventure: unaokota kidoti cha kijivu kwenye ngome nyeusi, kidogo hata hukioni, kinakufungulia ukuta wa chumba chenye jina hilo. Mchezaji alipokigundua, bosi Steve Wright akasema kiachwe, watu wavisake kama watoto wasakavyo mayai.

— Kumbe Adventure ndiyo ya kwanza!

— Imeleta jina tu. Kabla yake, Starship 1 ya 1977 ilificha "Hi Ron!", salamu kwa mtengenezaji wake Ron Milner, pamoja na michezo 10 ya bure, ikagunduliwa 2017.

— Na mgahawa wa McDonald's uliofichwa mwezini kwenye Moonlander, gemu ya kutua mwezini ya 1973?

— Hapo ndipo tunapobishana. Mimi naihesabu.