Tangazo langu la kwanza liliniletea simu kibao bila mpangaji hata mmoja

Jumamosi iliyopita nimekabidhi funguo za flati yangu ya vyumba viwili pale Kimara. Tangazo lilikaa siku tisa tu, walionitafuta ni watu saba, waliokuja kuona watatu, na wa tatu akalipa siku ileile. Nasema kwa furaha kabisa maana mwaka juzi flati hiyohiyo ilikaa tupu miezi mitatu, kodi ni 350,000 kwa mwezi, kwahiyo piga hesabu mwenyewe, milioni moja na hamsini elfu imeyeyuka huku simu inaita kila siku.

Na kuita iliita kweli. Tangazo nililoweka lilikuwa hivi, nalikumbuka neno kwa neno: "Nyumba nzuri ya kisasa inapangishwa Kimara, vyumba viwili, maji na umeme vipo, bei maelewano, piga simu." Basi mtu anapiga, "Dada, nyumba bado ipo?" Ipo. "Ni Kimara ipi?" Namwambia. "Mwisho bei gani?" Namwambia. "Luku ya kwake?" Hapo naanza kujiumauma, maana wakati huo mita ilikuwa moja, flati ya juu na mimi ninayeishi chini tunachangia. Anasema sawa nitakucheki, na ndo mwisho wake. Wengine walikuja mpaka nyumbani, nikawapandisha ngazi, wakafika chumba cha pili wakasimama mlangoni bila hata kuingia, nikajua tayari huyu kaondoka.

Mwisho nikachoka nikampa dalali. Akaniletea kaka mmoja, "mama, huyu ni mteja wa uhakika", akalipa miezi mitatu, ila kumbe aliambiwa luku ni yake peke yake. Mwezi wa pili ugomvi ukaanza, yeye anasema friji langu la kuuzia juisi ndo linakula umeme, mimi nasema pasi na jiko lake la umeme, tukafika mahali hatusalimiani na tunapita geti moja. Aliondoka kwa maneno makali na mpaka leo yananiuma, kwa sababu ukweli ni kwamba yule kaka hakunikosea, mimi ndo sikuandika jambo lililotakiwa liandikwe kabla hajatoa hela yake.

Ndo maana msomaji wangu mmoja aliponitumia tangazo lake wiki hii na kuniuliza kwanini anapigiwa sana na halipwi, nilicheka kwa uchungu, ni lilelile langu. Ndugu yangu, "maji na umeme vipo" haimwambii mtu chochote, kila tangazo limeandikwa hivyo. Mpangaji anayejielewa anachotaka kujua ni anashea na nani.

Safari hii kabla ya kuandika nilichukua futi kamba nikapima. Masta ilitoka futi 11 kwa 10, chumba cha pili futi 9 kwa 9, kile kilichokuwa kinawasimamisha watu mlangoni. Nikakaa nikakifikiria vizuri. Ukiweka kitanda cha 6 kwa 6 na kabati la nguo lenye kina cha futi 2 upande wa pili, katikati inabaki futi moja, hata droo haifunguki. Ukiweka cha 5 kwa 6 unapata futi mbili, unapita. Cha 4 kwa 6 cha mtoto, unapata futi tatu na kimeza cha kusomea kinaingia ukutani. Kwahiyo sikuandika "chumba kikubwa" wala "kidogo", niliandika kitanda gani kinaingia. Mtu mwenye vitanda viwili vya 6 kwa 6 akisoma hapo anapita zake na hatujapotezeana muda, mwenye mtoto mmoja anaona kabisa maisha yake yanaingia.

Na umeme nilishaurekebisha, niliomba mita ya pili TANESCO nikalipia, juu wana luku yao. Kama wewe bado mnachangia usifiche, andika mnachangia na mnagawana vipi, kwa vichwa au kwa vyumba, atakayekuja atakuwa amekubali tangu nyumbani kwake.

Tangazo lenyewe ni hili, ukitaka nakili kisha badilisha yako:

"FLATI INAPANGISHWA, Kimara Mwisho, dakika 12 kwa mguu kutoka kituo cha mwendokasi, bodaboda buku. Ipo juu, ngazi 17 za nje, chini anaishi mwenye nyumba. Masta futi 11 kwa 10. Chumba cha pili futi 9 kwa 9, kinaingia kitanda cha 5 kwa 6 na kabati, 6 kwa 6 kinabana. Sebule, jiko dogo ndani, choo cha pili ndani. Luku yake. Maji ya DAWASA mita moja na mwenye nyumba, bili tunagawana kwa idadi ya watu, tenki la juu lita 1000 ni lake peke yake. Hakuna paking ya gari, pikipiki inaingia. Geti linafungwa saa 5 usiku, kila nyumba ina funguo. Kodi 350,000, miezi mitatu, na dipoziti ya mwezi mmoja, jumla ya kuingilia 1,400,000. Hakuna dalali, hakuna hela ya kuoneshwa, usitume hela yoyote kabla hujaingia ndani. Iko wazi kuanzia tarehe 1. Tuma meseji WhatsApp useme mtakuwa wangapi, unataka kuhamia lini, na siku gani unaweza kuja kuona."

Hiyo jumla ya kuingilia ndo iliyonisaidia kuliko kitu chochote. Zamani mtu anasikia 350,000 anaona anaweza, akifika anaambiwa miezi mitatu na dipoziti, anaanza kuomba alipe kidogokidogo. Sasa aliyekuja alikuja na 1,400,000 kichwani. Na hiyo sentensi ya kutotuma hela usiiache, matapeli wanachukua picha za watu wanatangaza nyumba isiyo yao, mpangaji makini ukimlinda anakuamini.

Picha piga saa nne asubuhi, madirisha wazi, simama kwenye kona ya chumba, na upige choo, mita ya luku na ngazi. Ndiyo, hata ngazi. Niliogopa zitafukuza watu, zikamwondoa mama mmoja mwenye magoti mabovu ambaye angepanda bure tu mpaka juu.

Kitu kingine nasema wazi, acheni kuandika "wanandoa tu", "kabila fulani hapana", "watoto hatutaki". Niliwahi kuandika hivyo na naona aibu. Eleza nyumba ilivyo, kwamba dari ni nyembamba na sauti inashuka chini, kwamba geti linafungwa saa 5, anayefanya kazi baa mpaka alfajiri ataamua mwenyewe kama funguo inamtosha.

Yule aliyelipa Jumamosi, dada na mwanae wa darasa la tatu, aliingia na futi kamba yake akapima tena kile chumba cha pili mbele yangu. Ikatoka tisa kwa tisa. Akasema "haya mama, niandikie mkataba". Nilipomaliza kusaini nikarudi kwenye tangazo nikaandika juu kabisa IMESHACHUKULIWA na kutoa namba, maana wale wa "bado ipo?" wasingekoma mpaka mwezi ujao.